JUMANNE YA PILI ILINIKOSESHA MZIGO: JINSI YA KUANDIKA VIKUMBUSHO KWENYE SIMU

Leo nataka tuongelee kikumbusho cha simu, maana mimi kilishanitia hasara.

Nina duka la vyakula. Gari la jumla linaloniletea sukari, unga na mafuta hupita Jumanne moja, linaruka wiki moja, kisha linapita tena. Malipo ni taslimu pale pale. Mwaka 2025, Jumamosi ya tarehe 5 Julai, nikafungua apu ya vikumbusho ambayo unaiandikia sentensi ya kawaida ya Kiingereza, yenyewe inajipangia tarehe. Nikaandika hivi:

```
Truck money every second Tuesday
```

Tarehe 8 Julai simu ikalia, hela ipo, mzigo ukashuka. Nikajua mambo safi. Tarehe 22 Julai simu kimya. Nikashtukia honi nje, na jana yake nimetoka kulipa kodi ya fremu. Dereva akaniambia, "Mdogo wangu, mimi nina maduka yananisubiri," akaondoka. Wiki mbili nikawa nafuata sukari mjini kwa bodaboda, na wateja wengine wakahamia kwa jirani.

Kosa lilikuwa wapi? Apu haielewi biashara yako. Inatafuta maneno inayoyafahamu kwenye sentensi: neno la kurudia, namba, jina la siku, saa. Halafu inayageuza kuwa kanuni moja. Sasa `every second Tuesday` ina maana mbili hata kwa Waingereza wenyewe. Inaweza kuwa "Jumanne moja ndiyo, moja hapana", au "Jumanne ya pili ya kila mwezi". Kwa lugha ambayo kalenda nyingi hutumia kuhifadhi kanuni hizo, inakuwa hivi:

```
FREQ=WEEKLY;INTERVAL=2;BYDAY=TU
FREQ=MONTHLY;BYDAY=2TU
```

Mstari wa juu unasema hesabu kwa wiki, ruka mbili mbili, siku ni Jumanne. Wa chini unasema hesabu kwa mwezi, chukua Jumanne ya pili. Mimi nilitaka wa juu, apu ikachukua wa chini.

Angalia tarehe zenyewe. Gari langu: 8 Julai, 22 Julai, 5 Agosti, 19 Agosti. Apu yangu: 8 Julai, halafu 12 Agosti. Tarehe ya kwanza zimelingana! Ndiyo maana sikugundua mapema. Na hiyo 12 Agosti ingelia siku ambayo gari halipo kabisa.

Kwa hiyo acha neno `second`. Kama ni kila baada ya wiki mbili, andika hivi:

```
every 2 weeks on Tuesday starting 8 July 2025
```

Kama unataka ya mwezi, mfano siku ya marejesho ya kikoba, taja mwezi: `second Tuesday of every month`.

Hiyo sehemu ya `starting` usiiache. Tuseme umeandika Alhamisi tarehe 10 Julai bila kutaja siku ya kuanzia. Apu nyingi zitashika Jumanne iliyo karibu, yaani 15 Julai, kisha 29 Julai. Kanuni ni sahihi, lakini kila mara italia wiki ambayo gari halipiti. Na mwezi uandike kwa jina. Ukiandika 8/7, simu iliyopangwa Kimarekani itasoma Agosti 7.

Kuna na saa. Sisi tunasema gari linakuja saa mbili asubuhi, mtu anaandika `at 2`. Simu haijui saa zetu. Inaweza kukuwekea saa nane mchana, gari limeshaondoka zamani. Saa mbili asubuhi andika `8am`.

Ukishaandika, usifunge haraka. Soma apu imeelewa nini, halafu nenda kwenye kalenda uangalie tarehe tatu zinazofuata, siyo moja. Zote tatu zikilingana na siku za gari, umemaliza. Kama apu yako inaonyesha tarehe moja tu, achana na sentensi. Ingia kwenye sehemu ya kurudia, chagua kwa mkono: wiki, kila 2, Jumanne, na siku ya kuanzia.

Mimi sasa tarehe tatu nazinakili pia kwenye daftari la mauzo, ukurasa wa mbele. Simu ikinyamaza siku ambayo daftari limeandikwa, najua kanuni imekosewa, naenda kuirekebisha kabla gari halijapiga honi.