Mtoto wa jicho: lenzi ipi iwekwe?

Katika upasuaji wa mtoto wa jicho, daktari huondoa lenzi ya asili iliyoingia ukungu na kuweka nyingine ndogo ya plastiki mahali pake. Lenzi hiyo hukusudiwa kukaa jichoni maisha yote, kwa hiyo aina yake huamuliwa kabla ya upasuaji.

Lenzi ya kawaida huonyesha vizuri umbali mmoja tu. Wengi huchagua kuona mbali, kisha huvaa miwani ya kusomea. Lenzi ya pili, ya umbali zaidi ya mmoja, hugawanya mwanga unaoingia jichoni: sehemu huonyesha mbali, sehemu huonyesha karibu. Wengi wanaowekewa hii hupunguza sana kuvaa miwani. Bei yake ni ya juu, lakini si hilo tu la kuangalia. Kwa kuwa mwanga umegawanywa, vitu havijitokezi vyema penye giza, na usiku taa za magari huweza kuonekana zimezungukwa na miduara ya mwanga. Wengi huizoea baada ya miezi kadhaa. Wengine hawaizoei kamwe. Kwa dereva wa matatu anayeamka saa kumi alfajiri, hilo si jambo dogo.

Tuchukue mfano wa mama fundi wa nguo, mwenye umri wa miaka 62, anayeugua kisukari. Watoto wake wamechanga ili awekewe lenzi ya bei ya juu, apate kutunga uzi bila miwani. Daktari anapochunguza nyuma ya jicho anakuta kisukari kimeanza kuharibu retina, yaani utando unaopokea mwanga. Retina dhaifu ikiletewa mwanga uliogawanywa, huona hafifu mbali na karibu pia. Hali ni hiyo hiyo kwa mwenye glakoma iliyoharibu mshipa wa jicho, au kovu kwenye kioo cha jicho.

Mama huyu bado ana njia, na ni ya bei nafuu. Lenzi ya kawaida si lazima ilenge mbali. Baada ya kupima urefu wa jicho na mviringo wa kioo chake, daktari anaweza kuchagua nguvu ya lenzi itakayomwacha akiona vizuri kwenye sentimita 40 hivi, mahali sindano ilipo. Atavaa miwani anapotoka kwenda stendi. Vipimo hivyo havikosi kupishana kidogo na matokeo, hivyo huenda akahitaji kusogeza kitambaa kidogo.

Anayekwenda kliniki amweleze daktari kazi yake, kama anaendesha gari usiku, na magonjwa aliyo nayo. Pia aulize kama retina imechunguzwa. Mtoto wa jicho akiwa mzito kiasi cha kuziba njia, retina haionekani vizuri, na hapo lenzi ya kawaida ndiyo salama zaidi. Kubadilisha lenzi baadaye kunawezekana, lakini ni upasuaji mwingine, wenye hatari kuliko wa kwanza.