Tangazo la Fundi na Siku ya Kujaribu Nguo

Likizoni nilisoma katika simu ya shangazi tangazo la fundi cherehani wa hapa Simbo: "Nguo za Idi: mwisho wa kuja kujaribu ni tarehe 20 Ramadhani. Atakayechelewa atavaa baada ya Idi." Shangazi aliona ni ukali. Mimi nilimwendea fundi, nikaona ni hesabu.

Ramadhani huwa na siku 29 au 30, wala hapana ajuaye mpaka mwezi uandame. Basi fundi huhesabia 29. Alikuwa na magauni 24, naye humaliza 3 kwa siku. Kazi hiyo ni ya siku 8, yaani tarehe 21 hadi 28. Siku ya 29 ni ya pasi na kukabidhi.

Gauni la kujaribiwa huwa limepigwa bandi tu, yaani mishono mikubwa ya kushikiza, na pembeni imeachwa akiba ya kitambaa. Likibana, bandi hufumuliwa na akiba hutolewa. Likishapita katika ovaloki, kisu cha mashine kimekwisha kata akiba hiyo. Kupunguza kwawezekana, kuongeza hakuna.

Na tangazo lenyewe lina mpaka. Orodha moja ya matangazo ya WhatsApp huchukua watu 256, na humfikia yule tu aliyehifadhi namba ya fundi katika simu yake. Jirani yetu hakuihifadhi. Alifika tarehe 25 na kitenge chake begani. Fundi alikipokea kwa adabu, akakiweka chini ya vingine vyote.