Oda moja, invoisi mbili: mbona jumla imepanda?

Umeagiza mzigo mara moja, lakini saplaya anakuletea nusu leo na nusu wiki ijayo. Kila mzigo unakuja na invoisi yake. Ukijumlisha hizo mbili, unapata pesa zaidi ya zile mlizokubaliana. Kabla hujabonyeza PIN, hebu tuangalie tofauti inatoka wapi.

Tuchukue mfano wa duka lililoagiza katoni 20 za sabuni, kila moja Sh1,500. Hiyo ni Sh30,000. Saplaya anatoa punguzo la asilimia 5 kwa oda inayozidi Sh25,000, kwa hivyo Sh1,500 inatoka. Usafiri ni Sh500. Jumla ya oda: Sh29,000.

Kumbe stoo kuna katoni 12 pekee. Zile 8 zitakuja zikipatikana. Invoisi zinatoka hivi:

- Ya kwanza: katoni 12, Sh18,000, na usafiri Sh500. Jumla Sh18,500.
- Ya pili: katoni 8, Sh12,000, na usafiri Sh500. Jumla Sh12,500.

Zote mbili ni Sh31,000. Umeongezewa Sh2,000 na sabuni ni zile zile. Sh1,500 ni punguzo lililopotea, kwa sababu hakuna invoisi iliyofika Sh25,000 ikiwa peke yake. Sh500 ni usafiri uliotozwa mara ya pili.

Kama mlikubaliana bei ya oda nzima, na ni saplaya aliyekosa mzigo, mwombe agawe punguzo kulingana na katoni. Katoni 12 zipate Sh900, na 8 zipate Sh600. Usafiri ulipwe mara moja. Sasa invoisi ya kwanza inakuwa Sh17,600 na ya pili Sh11,400. Jumlisha: Sh29,000, kama mwanzo.

Angalia pia bei ya katoni kwenye invoisi ya pili. Bei ikipanda mkiwa mnangoja, ongezeko huingia hapo kimya kimya.

Je, ulikuwa umelipa Sh29,000 zote mapema? Basi invoisi ya pili ionyeshe Sh11,400 imeshalipwa na deni ni sufuri. Ikionyesha deni, usilipe tena. Mtumie saplaya ujumbe wa malipo ya kwanza wenye kodi ya muamala. Na kama zile katoni 8 hazitakuja kabisa, unadai Sh11,400 yako irudi.

Ukilipa kwa awamu, weka namba ya invoisi husika kwenye sehemu ya akaunti, si jina lako. Hapo saplaya ataona pesa ni ya mzigo gani. Kumbuka malipo mawili yanaweza kukatwa ada mara mbili. Ada hiyo haimo kwenye invoisi, kwa hivyo ihesabu kando.