Dokezo la SOAP la mgonjwa wa kisukari: tathmini ndiyo inayobeba uzito

Siku ya kliniki ya kisukari, afisa wa kliniki mmoja anaweza kuwaona wagonjwa arobaini kabla ya saa nane mchana. Foleni inapokuwa ndefu, kitu cha kwanza kupunguzwa ni maandishi. Ndiyo maana madaftari mengi ya wagonjwa yana mstari ule ule mwezi baada ya mwezi: "Hali imetulia, aendelee na dawa, arudi baada ya mwezi mmoja." Mstari huo huandikwa hata kwa mgonjwa ambaye sukari yake haijashuka chini ya 12 mwaka mzima.

Somo la toleo hili linawalenga maafisa wa kliniki, wauguzi na wanafunzi walio katika mafunzo ya vitendo. Linaonyesha jinsi ya kupanga dokezo la SOAP la mgonjwa wa kisukari kwa dakika chache zilizopo, na jinsi dokezo lililopangwa vyema linavyoweza kumwepusha mgonjwa na dozi ya hatari.

Mtindo huu ulitokana na kazi ya daktari Mmarekani Lawrence Weed. Mwaka wa 1968 alichapisha hoja kwamba rekodi ya mgonjwa ipangwe kwa kufuata matatizo yake, ili anayeisoma aone jinsi mtibabu alivyofikia uamuzi. Herufi nne za SOAP zinagawa dokezo katika sehemu nne. S ni yale anayosema mgonjwa. O ni yale mtibabu aliyoyaona na kuyapima. A ni tathmini, yaani maana ya hayo yote. P ni mpango. Katika vituo vingi dokezo huandikwa kwa Kiingereza. Hapa limewekwa kwa Kiswahili ili kila msomaji afuate.

Mgonjwa wa mfano

Mfano ufuatao umetungwa kwa ajili ya somo. Mgonjwa ni mzee wa miaka 58, mkulima, mwenye kisukari aina ya pili kwa miaka 11. Anatumia insulini ya mchanganyiko ya 70/30, yuniti 24 asubuhi na yuniti 12 jioni, pamoja na metformini miligramu 500 mara mbili kwa siku. Sukari yake leo ni 13.4 mmol/L. Ziara mbili zilizopita ilikuwa juu vilevile, na mara zote mbili insulini iliongezwa.

Kwa mtibabu mwenye haraka, uamuzi unaonekana rahisi: sukari iko juu, insulini iongezwe tena. Kabla ya kufika huko, dokezo lianze na S.

S: maswali matatu yanatosha

Swali la "Unaendeleaje, mzee?" huleta jibu moja tu: "Naendelea vizuri, daktari." Kwa mgonjwa wa insulini, maswali matatu ya moja kwa moja hufichua mengi zaidi: ni dozi ngapi ameruka wiki hii, sukari imewahi kumshuka lini, na sindano anaidunga wapi.

"Mzee, ile sindano ya jioni unadunga kila siku?"

"Siku nyingine naruka, daktari. Kama mara tatu kwa wiki. Kuna usiku nilitetemeka, jasho likanitoka, mama watoto akanipa maji ya sukari nikapata nafuu."

"Usiku huo ulikuwa umedunga wapi?"

"Siku hiyo nilijaribu pajani. Siku zote nadunga hapa tumboni, ndipo hapaumi."

Jibu hilo la mwisho ndilo ufunguo wa ziara nzima, na lisingepatikana bila kuulizwa. Katika S liandikwe kwa ufupi, likiwa na idadi na wakati: anaruka dozi ya jioni mara tatu kwa wiki, dalili za sukari kushuka mara moja, wiki mbili zilizopita, saa nane usiku, baada ya kudunga pajani, kwa kawaida hudunga sehemu moja tumboni. Neno "hafuati matibabu" lisiandikwe hapa. Hilo ni hukumu ya mtibabu, tena linaficha sababu: mzee anaruka dozi kwa sababu anaogopa usiku ule usijirudie.

O: namba iandikwe pamoja na saa yake

Namba ya 13.4 peke yake haisomeki. Kabla ya kula ina maana moja, na saa mbili baada ya chai na mandazi ina maana nyingine. Kwa hiyo iandikwe: 13.4 mmol/L, saa tatu na dakika ishirini asubuhi, saa mbili baada ya kula. Kando yake iwekwe HbA1c, kipimo kinachoonyesha wastani wa sukari kwa takriban miezi mitatu. Ya mzee huyu, iliyopimwa wiki tatu zilizopita, ni 9.6%. Hiyo inathibitisha kwamba tatizo halikuletwa na mandazi ya leo.

Uzito na shinikizo la damu huchukuliwa na muuguzi kabla mgonjwa hajaingia: kilo 71, sawa na miezi mitatu iliyopita, na 128/76. Mtibabu anabakiwa na mambo mawili ya kukagua kwa mikono yake. La kwanza ni miguu: hakuna kidonda, mapigo ya damu yapo, na uzi wa monofilamenti wa gramu 10 anausikia kila pointi. La pili, ambalo husahaulika mno, ni mahali pa sindano. Shati likiinuliwa na ngozi kupapaswa, vinapatikana vinundu viwili laini kama mpira, kimoja kila upande wa kitovu, cha sentimita 4 na cha sentimita 3. Havina wekundu wala maumivu.

Vinundu hivyo ni mafuta yaliyojaa chini ya ngozi kwa sababu ya kudungwa pale pale mara kwa mara. Sehemu hiyo huwa haiumi sana, na ndiyo sababu wagonjwa huipenda. Lakini insulini inayodungwa ndani yake hufyonzwa taratibu na bila mpangilio, kwa hiyo sehemu ya dozi haifanyi kazi inavyotarajiwa.

A: hapa ndipo dokezo hupona au hufa

Kosa la kawaida katika A ni kurudia jina la ugonjwa: "Kisukari aina ya pili." Hilo lilijulikana miaka 11 iliyopita. Tathmini inapaswa kujibu mambo matatu: je, sukari imedhibitiwa ukilinganisha na lengo la mgonjwa huyu, kwa nini iko ilivyo, na hatari iliyo karibu ni ipi.

Lengo la HbA1c la watu wazima wengi ni takriban 7%, na hulegezwa hadi karibu 8% kwa mgonjwa aliye katika hatari ya sukari kushuka. Mzee amelipita lengo lolote kati ya hayo. Je, ni kwa sababu dozi ni ndogo, au kwa sababu dozi haifiki kwenye damu? Ushahidi wa S na O unaegemea upande wa pili. Kuna vinundu, kuna dozi za jioni zinazorukwa, na usiku mmoja aliodunga pajani, kwenye ngozi nzima, dozi ile ile ya yuniti 12 ilimshusha sukari.

Tathmini basi inaandikwa hivi: "Kisukari aina ya pili, hakijadhibitiwa (HbA1c 9.6%). Sababu zinazoelekea: vinundu vya sindano tumboni, na kuruka dozi za jioni kwa kuogopa sukari kushuka. Hatari: sukari kushuka sana akihamia ngozi nzima kwa dozi ya sasa. Miguu salama. Shinikizo limedhibitiwa."

Sasa hatari ya uamuzi wa haraka inaonekana. Kama dozi ingeongezwa hadi yuniti 28 asubuhi na 14 jioni, na wiki ifuatayo muuguzi akamwelekeza kubadilisha mahali pa kudunga, mzee angepata insulini nyingi kupita aliyowahi kuipata, tena usiku akiwa amelala.

P: kila mstari ujibu mstari wa A

Mpango mzuri unasomeka kama majibu ya tathmini. Kwa vinundu: asidunge tena hapo, ahamie pande za tumbo zisizo na vinundu na mapajani, kila sindano iwe mbali na ya jana kwa upana wa kidole, na atumie sindano mpya. Aonyeshwe, kisha naye aonyeshe mbele ya muuguzi. Hapo ndipo itaonekana pia kama anaizungusha chupa viganjani kabla ya kuvuta, kwa maana insulini ya mchanganyiko hutuama.

Kwa hatari ya sukari kushuka: dozi ipunguzwe. Kupunguza kati ya 10% na 20% ni kawaida mgonjwa anapohamia ngozi nzima. Kwa mzee huyu, yuniti 20 asubuhi na 10 jioni, nusu saa kabla ya kula, na asidunge kama hana chakula tayari. Akitetemeka au kutoka jasho, anywe maji yenye vijiko vitatu vidogo vya sukari, apimwe tena baada ya dakika 15, kisha ale. Mama watoto afundishwe pia, kwa kuwa ndiye aliyekuwepo usiku ule.

Kwa kufuatilia: vibanzi vya glukomita ni ghali, kwa hiyo apime kabla ya chai na kabla ya chakula cha jioni, siku moja baada ya nyingine, na aandike. Arudi baada ya wiki moja, wala si mwezi. Arudi mapema akipata kipimo chini ya 4, akizidi 15 siku tatu mfululizo, au akitapika. HbA1c irudiwe baada ya miezi mitatu. Kipimo cha figo, ambacho hakijafanywa mwaka huu, kiombwe leo kabla ya kufikiria kuongeza metformini.

Mahali mtindo huu unapokoma

Dokezo la SOAP ni la mgonjwa aliyetulia. Mgonjwa wa kisukari anayeingia akiwa amelegea au amechanganyikiwa, anayetapika, au anayevuta pumzi ndefu na za haraka, apimwe sukari na ketoni, aanzishiwe matibabu ya dharura na apelekwe wodini au apewe rufaa. Maandishi yatafuata.

Kwa waliobaki kwenye foleni, kuna jaribio moja la kujua kama dokezo limetosha. Wiki ijayo mzee huyu huenda akaonwa na mtibabu mwingine kabisa. Akilisoma dokezo, aweze kujua bila kumuuliza mtu kwa nini insulini ilipunguzwa ilhali sukari ilikuwa juu, na ni namba gani itamfanya aiongeze au aipunguze zaidi. Asipoweza, ataona 13.4 na kuirudisha dozi ya zamani, naye mzee atadunga yuniti 12 jioni kwenye ngozi nzima.