Kuhama Nyumba ya Kupanga kwa Wiki Nne: Anza na Mita

Unapohama nyumba ya kupanga Dar es Salaam, vyombo vitakutoa jasho, lakini mita ndiyo itakayokutoa pesa. Deni la umeme na la maji hubaki kwenye mita ya nyumba, hata aliyelisababisha akiwa ameshaondoka. Tuseme familia inatoka Sinza kwenda Kinyerezi, nyumba ya vyumba viwili, na imebakiza wiki nne.

Wiki ya kwanza, mpe mwenye nyumba notisi ya maandishi kama mkataba unavyotaka. Kisha nenda Kinyerezi na, kabla hujalipa pango, nunua LUKU kidogo kwa namba ya mita ya huko. Tangu 2021 kodi ya jengo hukatwa kwenye LUKU, na nyumba ikikaa tupu kodi hiyo hujilimbikiza. Kwa shilingi 1,500 kwa mwezi, miezi minne ni 6,000. Ukinunua umeme wa 10,000, zinakubakia 4,000 tu. Makato utayaona kwenye ujumbe wa malipo. Kodi hiyo ni ya mwenye nyumba, kwa hiyo kubalianeni aipunguze kwenye pango. Kwa maji, omba bili ya karibuni ya DAWASA, na uhakikishe namba ya mita iliyoandikwa humo ndiyo iliyo uani.

Wiki ya pili funga stoo, vitabu na chumba cha wageni. Vitabu viwe kwenye maboksi madogo, maana boksi kubwa likijaa vitabu hupasuka chini likiinuliwa. Wiki ya tatu ni zamu ya sebule, mapazia na nguo za sikukuu. Andika chumba ubavuni mwa boksi, kwani maboksi yakipangwa moja juu ya jingine maandishi ya kwenye kifuniko hayaonekani. Anza pia kupunguza kununua LUKU ya Sinza: yuniti zitakazobaki hazihamishiki, atazitumia mpangaji ajaye.

Wiki ya nne ni ya vyumba vya kulala, na jiko huja mwisho kabisa. Acha sufuria mbili, sahani chache na mtungi wa gesi hadi asubuhi ya safari. Friji izimwe siku moja kabla ili barafu iyeyuke, isafiri imesimama kwenye Kenta, na ikifika ipumzike saa kadhaa kabla ya kuwashwa. Ikilazwa, oili ya kompresa huingia kwenye mabomba, na hapo ndipo wengi huishia kumwita fundi.

Siku ya kuondoka, piga picha mita ya maji na ya umeme, tarakimu zisomeke, umtumie mwenye nyumba. Lipa bili ya maji hadi usomaji huo. Rimoti ya LUKU usiifungashe: imeunganishwa na mita ya Sinza, na Kinyerezi haitafanya kazi.