Dondoo muhimu: Riba halisi hupatikana kwa kugawanya

• Desemba 2011, bei nchini Tanzania zilikuwa juu kwa asilimia 19.8 kuliko Desemba 2010. Tuseme mkulima wa alizeti wa Kongwa aliweka benki shilingi 1,000,000 kwa miezi hiyo 12, kwa riba ya asilimia 10.

• Gawanya 1.10 kwa 1.198, upate 0.918, kisha toa 1. Amepoteza asilimia 8.2 ya uwezo wa kununua, si 9.8 inayopatikana kwa kutoa 10 kwenye 19.8.

• Sababu: bidhaa za 1,000,000 sasa ni 1,198,000, naye ana 1,100,000. Pengo la 98,000 hupimwa kwa bei mpya.

• Mfumuko wa bei ukiwa asilimia 3, riba halisi ni asilimia 6.8 badala ya 7.

• Tumia mfumuko uliotangazwa na Ofisi ya Taifa ya Takwimu, Dodoma, kwa miezi 12 ileile ya amana yako.