Kahawa ipo ghalani, wasuluhishi bado hawajapatikana

Hajati mmoja wa Kibuli ameniandikia. Magunia yake 200 ya kahawa, ya kilo 60 kila moja, yako katika ghala la Industrial Area, chini kidogo ya mlima wake. Alimuuzia msafirishaji wa kahawa nje ya nchi kwa mkopo, na mkataba unasema kahawa inabaki mali yake hadi alipwe. Siku ya malipo imepita, na sasa amepata ujumbe kwamba malori ya kwenda Mombasa yanaandaliwa. Alipotishia kwenda mahakamani, wakili wa yule bwana alimwonyesha kifungu cha mwisho cha mkataba: migogoro yote itaamuliwa na wasuluhishi watatu kwa kanuni za ICC, ile Chemba ya Kimataifa ya Biashara yenye makao yake Paris. “Mahakama huna,” akaambiwa. “Anzisha usuluhishi.”

Hajati, hapo umedanganywa. Namna hii ya kudanganya nimeiona mara nyingi mno. Mdaiwa mwenye nia mbaya hupenda sana usuluhishi katika wiki zake za mwanzo, kwa sababu wiki hizo hakuna msuluhishi. Chini ya kanuni za ICC ana siku 30 za kujibu madai yako tangu ayapokee. Kisha kuna kuteua, kupinga walioteuliwa na kungoja mwenyekiti. Jopo likija kukaa baada ya miezi kadhaa, kahawa yako itakuwa imeshanywewa Italia.

Sheria yetu ya Uganda ya Usuluhishi na Upatanishi ya mwaka 2000 iliuona mwanya huo. Kwa namba za Sheria ilivyotungwa, kifungu cha 6 kinamruhusu mwenye mkataba wa usuluhishi kuomba amri ya muda ya kulinda mali mahakamani, kabla usuluhishi haujaanza au ukiwa unaendelea. Mahakama inayotajwa ni Mahakama Kuu. Kwenda huko hakuvunji mkataba wako, maana humwombi jaji aamue nani anamdai nani. Unamwomba kahawa ikae ilipo mpaka wenye kuamua wapatikane.

Unauliza pia kuhusu msuluhishi wa dharura, ambaye mwanao amesoma habari zake. Yupo kweli. ICC ilimwingiza katika kanuni zake mwaka 2012: mtu mmoja anateuliwa kwa kawaida ndani ya siku mbili, na anatakiwa kutoa amri ndani ya siku 15 tangu akabidhiwe jalada. Wewe nawe lazima uwasilishe madai yenyewe ya usuluhishi ndani ya siku 10 tangu ombi lako la dharura lipokewe, la sivyo ombi hilo linafungwa. Lakini mlangoni unalipa dola 40,000. Kwa shilingi 3,600 kwa dola, hizo ni milioni 144. Kahawa yako, kwa shilingi 10,000 kwa kilo, ni milioni 120. Aliyekunakilia kifungu cha usuluhishi kutoka mkataba wa kampuni kubwa akakutoza pesa ya kuandika, amekuuzia mlango ambao ufunguo wake ni ghali kuliko nyumba.

Tuseme ungekuwa na pesa hizo na amri ukaipata. Amri hiyo inawabana wewe na msafirishaji tu. Mwenye ghala hakutia saini mkataba wenu, wala mwenye malori. Msuluhishi wa dharura hana dalali wa mahakama wala hawezi kumfunga mtu kwa kuidharau amri yake. Na hapa ndipo sheria yetu inaponiudhi. Imeandikwa kwa kufuata mfano wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1985, wakati ambapo msuluhishi wa dharura hakuwa akijulikana. Inazungumzia jopo, yaani msuluhishi mmoja au zaidi, na tuzo ya jopo hilo. Ukiipeleka amri yako kama tuzo, mpinzani atasema aliyeitoa si jopo, na karatasi yake ni amri, si tuzo. Hata ukishinda ubishi huo, kifungu cha 36 kinataka muda wa kupinga tuzo upite kwanza, na muda huo ni mwezi mzima. Mfano wa Umoja wa Mataifa ulirekebishwa mwaka 2006 ili amri za muda za jopo zitekelezwe mahakamani. Singapore mwaka 2012 ikaandika waziwazi katika sheria yake kwamba msuluhishi wa dharura ni jopo. Kwa Bunge letu hilo lingekuwa sentensi moja tu, na kukosekana kwake kunawanufaisha wakimbiza mali peke yao.

Tazama yaliyotokea India. Oktoba 2020 msuluhishi wa dharura wa Singapore aliizuia kampuni ya Future kuuza maduka yake kwa Reliance, kwa ombi la Amazon. Mahakama ya Juu ya India ilisema amri hiyo inatekelezeka, lakini ilisema hivyo Agosti 2021, baada ya miezi kumi ya mabishano. Februari 2022 Reliance ilianza kuyachukua maduka yenyewe, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa imeshika mikataba ya pango. Hiyo ni Amazon, yenye mawakili wa kila namna.

Kwa hiyo, Hajati, nenda Mahakama Kuu, Kitengo cha Biashara, Nakasero. Ukiwa na amri ya msuluhishi wa dharura, iambatanishe, kwa sababu kifungu hichohicho cha 6 kinaitaka mahakama ikubali yale ambayo jopo limeshayaamua. Mpinzani atabisha kama nilivyosema, lakini hata hivyo jaji ataiona. Usipokuwa nayo, nenda bila hiyo.

Mtego mkubwa uko ndani ya chumba cha jaji. Mahakama zetu hupima zuio la muda kwa kesi ya Kiyimba Kaggwa dhidi ya Katende ya mwaka 1985: una hoja ya kusikilizwa? Utapata hasara isiyofidika kwa pesa? Mizani ya usumbufu imeelemea wapi? Wafanyabiashara wengi huangukia swali la pili. Wakili wa upande wa pili atasimama na kusema kahawa ni pesa, ukishinda utalipwa pesa, basi hasara gani hiyo isiyofidika? Ukijibu kwa machozi, umekwisha. Jibu kwa hati ya kiapo: kwamba huyu bwana ana hukumu nyingine ambazo hajalipa, kwamba ofisi yake ni ya kupanga, kwamba hana kiwanja wala jengo kwa jina lake, kwamba kahawa hii ndiyo mali pekee utakayoikuta. Fidia isiyo na wa kuilipa si fidia. Ambatanisha risiti ya ghala na ule ujumbe wa malori. Mahakama ya Rufani ya Kenya, katika kesi ya Safaricom na Ocean View Beach Hotel ya mwaka 2010, iliuliza kama mali inayogombaniwa iko hatarini na amri idumu kwa muda gani. Uamuzi huo haumfungi jaji wa Kampala, ila anaweza kuutumia.

Usiombe makubwa. Omba magunia 200 yasitoke ghalani hadi jopo likae. Jaji anajua kahawa hupoteza ubora ikikaa, hivyo toa mwenyewe njia ya pili: iuzwe, na pesa ziwekwe mahakamani. Jiandae pia kuahidi kumfidia mpinzani iwapo zuio litaonekana halikustahili.

Ukishapewa amri, usiiachie masijala. Karani akikwambia jalada halionekani mpaka umpe chochote, anakuibia haki ambayo jaji ameshakupa. Andika jina lake na saa, uende kwa msajili siku hiyohiyo. Nakala iliyogongwa muhuri ifike kwa msafirishaji, kwa mwenye ghala na kwa mwenye malori, kila mmoja asaini kupokea. Hao wawili wa mwisho hawamo katika mkataba, lakini anayejua amri ya mahakama na akasaidia kuivunja anaweza kushtakiwa kwa kuidharau. Lori haliendi Mombasa bila dereva, na dereva mwenye amri ile mkononi hufikiri mara mbili.

Kisha peleka madai yako ya usuluhishi ndani ya wiki hiyo. Ukikaa, msafirishaji atarudi kwa jaji na kusema hukutaka usuluhishi, ulitaka kumfungia mali, na zuio litaondolewa.

Mkataba wa msimu ujao uandike msuluhishi mmoja, akae Kampala. Milioni 144 zako zinunue kahawa.